Kuchanga na majirani: gunia lipi linashusha bei kweli?

Hapa Dar es Salaam wengi wetu tukisikia bei ya jumla ya Tandale tunailinganisha moja kwa moja na ya duka la mtaani. Bei ya kulinganisha ni ile ya kilo inayoingia kwenye sufuria yako, na hiyo ndiyo niliyopangia orodha hii.

1. Maharage

Haya nayaweka juu kwa sababu yakiwa makavu yanakaa, na tofauti ya jumla na rejareja huwa nzuri. Tuchukue mfano, nawe uweke bei za siku yako: dukani kilo ni shilingi 3,200, sokoni gunia la kilo 100 ni 260,000. Ukitazama haraka utasema mmeokoa 60,000. Sasa ongeza kuli 2,000, bajaji 15,000 na nauli ya aliyetumwa 2,000, inafika 279,000. Mkishapepeta na kuchambua, mawe na mbovu zikitoka kilo 3, zinabaki 97. Kilo imewagharimu kama 2,876. Bado mmeokoa zaidi ya 300 kwa kilo, kwa hiyo nyumba tano zina sababu ya kuchanga.

Mkinunua nusu gunia, bajaji haipunguzi nauli. Kilo inapanda hadi karibu 3,050, na nafuu inabaki 150 tu. Kwa shida ya kukusanya hela na kugawana, mimi nisingeenda. Ila magunia mawili kwenye bajaji ileile yanashusha kilo hadi kama 2,790.

Kabla ya kulipa, ingiza mkono katikati ya gunia, usiangalie ya juu peke yake. Tia konzi moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, maharage yana unyevu: unalipia maji, na yataota ukungu. Kisha gunia lipimwe kwenye mzani mbele yako.

2. Mafuta ya kula, dumu la lita 20

Hayana takataka na kuyagawa ni rahisi. Hatari yake ni ujazo pungufu. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina kama gramu 920, kwa hiyo lita 20 ni kilo 18.4 hivi, ukiondoa uzito wa dumu tupu. Mzani ukisoma kilo 17, mmekosa lita moja na nusu, na nafuu yote huenda imeishia hapo.

3. Sukari

Mwenye duka anaweka faida ndogo sana kwenye sukari. Ichukueni tu kama bajaji tayari imebeba maharage.

4. Vitunguu

Gunia la lumbesa linavutia kwa macho, lakini vya katikati vinaoza bila kuonekana. Kama nyumba zote hazitachukua mgao wao siku hiyohiyo, nunueni kwa kilo.