Uzoefu wangu na seramu za kope na nyusi: kabla hujalipa tafuta hizi herufi tano kwenye boksi

Jamani nimeona niandike hii maana kila nikifungua simu naletewa tangazo la seramu ya kope, na bei zenyewe sio za kuchezea, na wanaouza wengi ukiwauliza ina nini ndani wanakujibu "ni orijino dia" basi imeisha hapo.

Mi nilianza kuzitafuta baada ya kubandika kope saluni kwa muda mrefu sana. Gundi na ule uzito vinavuta kope zako mwenyewe, zinakatika na zingine zinang'oka, ukibandua unabaki na mapengo hasa kule pembeni. Kwahiyo nilinunua mbili, moja duka la vipodozi Kariakoo na nyingine kwa dada mmoja anayeuza mtandaoni anayeletewa mzigo kutoka nje. Ya Kariakoo alichukua mdogo wangu, mi nikabaki na ya mtandaoni. Majina ya kampuni siyataji, maana kilichotutofautisha ni kilichomo ndani ya chupa, na hicho unaweza kukikagua kwenye seramu yoyote ile.

Maandishi ya viungo ni madogo mno, mengine yamewekwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi ndani ya boksi. Mi nilipiga picha na simu nikavuta karibu. Ile ya mdogo wangu ilikuwa na maji, gliserini, panthenol, hyaluroniki, dondoo za mimea mimea, na jina refu kidogo, Myristoyl Pentapeptide-17. Hiyo ni peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, na ndo utaikuta kwenye seramu nyingi zinazojiita salama kwa macho nyeti. Ya kwangu ilikuwa na karibu vitu hivyo hivyo halafu kule mwishoni kabisa kwenye orodha, ambako vinaandikwa vitu vilivyowekwa kidogo sana, kulikuwa na Isopropyl Cloprostenate. Angalia katikati ya hilo jina, kuna herufi p-r-o-s-t. Hizo herufi tano ndo habari yote.

Iko hivi. Kuna dawa ya matone ya presha ya macho inaitwa bimatoprost, ilikubaliwa Marekani mwaka 2001. Wagonjwa waliokuwa wanaitumia wakaanza kuota kope ndefu na nyeusi, na kama anatibiwa jicho moja basi kope za jicho hilo ndo zinarefuka peke yake. Kampuni ikaona biashara hapo, ikafanya majaribio, na Desemba 2008 dawa ile ile ya asilimia 0.03 ikakubaliwa kwa ajili ya kope, inauzwa kwa cheti cha daktari kwa jina la Latisse. Sasa watengenezaji wa vipodozi nao wakatafuta ndugu zake wa familia yake, inayoitwa prostaglandini, wakaviweka kwenye seramu zinazouzwa bila cheti. Majina yanatofautiana, kuna moja refu hadi linachosha, Dechloro Dihydroxy Difluoro Ethylcloprostenolamide, lakini ukisoma polepole zile herufi tano zimo humo humo.

Hii familia inafanya kazi kweli, hilo silipingi. Kila unywele wa kope una kipindi cha kukua, kama mwezi mmoja hadi miwili na kidogo, halafu unapumzika miezi kadhaa, halafu unadondoka na mwingine unaanza. Prostaglandini inaurefusha kile kipindi cha kukua na inaunenepesha unywele na kuutia weusi. Haiongezi vishimo vya nywele. Kama sehemu ya kope imekufa kabisa kwa kovu au kuungua hakuna chupa itakayoiotesha, na muuzaji anayekuahidi kope mpya pale ambapo ngozi ni kovu tupu huyo usimwamini.

Mimi ya kwangu nilikuwa napaka usiku, nanawa uso kwanza, napitisha mstari mmoja kwenye shina la kope za juu tu, kilichozidi nafuta na tishu. Za chini hazipakwi, ukifumba macho zinapata zenyewe. Na ukiacha ichuruzike basi inaweza kukuotesha vinywele pale inapogusa kila siku, mfano shavuni. Wiki za mwanzo hakuna kitu chochote, ilikuwa ni kama mwezi wa pili nikaanza kuona pale pembeni panajaa, na wa nne watu wakaanza kuniuliza nimebandika wapi.

Ila sasa tuongelee na upande wa pili. Macho yalikuwa yananiwasha jioni, yanakuwa mekundu kidogo, na kwenye ukingo wa kope ngozi ikaanza kuwa nyeusi, mstari kabisa kama nimepaka wanja na nimeshanawa na hautoki. Matangazo yakitaja madhara yanataja rangi ya mboni kugeuka kahawia, na ni kweli hiyo ikitokea huwa hairudi, lakini inaonekana zaidi kwa wenye macho ya rangi mchanganyiko. Sisi wengi mboni zetu tayari ni kahawia nzito, kwahiyo cha kuangalia zaidi ni huo mstari wa ngozi. Huu kwa kawaida unafifia ukiacha, ila unachukua muda, wangu ulichukua miezi.

Kingine ambacho sijaona muuzaji hata mmoja akikisema ni macho kuzama. Hii familia ya dawa inapunguza mafuta yaliyoko kuzunguka jicho, kwahiyo mtu akitumia muda mrefu anaweza kuonekana kama mchovu, kope la juu linaingia ndani. Inakuja taratibu sana, kwenye kioo cha kila siku huioni. Piga picha kabla hujaanza, sehemu ile ile mwanga ule ule, halafu kila mwezi linganisha. Mi sikufika huko maana niliacha kwa sababu ya ile ngozi kuwa nyeusi.

Na ukiacha, kope zinarudi zilivyokuwa, wiki chache mpaka miezi kadhaa. Kwahiyo tangazo lenye neno "matokeo ya kudumu" ni la kutiliwa shaka moja kwa moja, hata dawa yenyewe ya cheti haiahidi hivyo.

Turudi kwa mdogo wangu. Yeye tulikubaliana apake jicho la kulia tu, zaidi ya miezi mitatu, la kushoto aliache. Alikuwa anafurahi kila akipaka, anasema ona zinavyong'aa, na kweli zilikuwa zinaonekana nyeusi na zimejaa. Lakini akinawa vizuri na sabuni ya uso, zikikauka, tukipiga picha karibu dirishani hatuoni tofauti ya kulia na kushoto. Gliserini na panthenol zinaufunika unywele, zinaupa unyevu, usikatike kirahisi, na hiyo ni faida ya kweli kwa mtu ambaye kope zake zinakatika katika. Ila sio kuotesha. Hizo peptidi ushahidi wake ni mdogo na mwingi unatoka kwa wanaoziuza wenyewe. Mafuta ya nyonyo nayo ni hivyo hivyo, yanapendezesha, yanatia mng'ao, lakini utafiti mzuri wa kuonesha yanakuza kope sijawahi kuukuta, na yakiingia jichoni unaona ukungu.

Sasa zile ahadi za matangazo kwamba kope zinarefuka mara tatu ndani ya "siku 7". Hapa hesabu inatosha. Kope inakua kama milimita 0.12 hadi 0.14 kwa siku, wiki nzima hata milimita moja haifiki. Na kwenye majaribio ya ile dawa ya cheti, baada ya wiki 16 kope zilirefuka kwa asilimia 25, wakati waliopaka isiyo na dawa walipata asilimia 2. Maana yake kope ya milimita 8 inafika 10. Hiyo ni dawa yenye nguvu kabisa, miezi minne karibu, halafu mtu anakuuzia kipodozi anakwambia zitarefuka mara tatu kwa wiki moja! Zile picha zake za kabla na baada angalia vizuri, ya baada mara nyingi kope zimekunjwa na zina maskara, na uso umeinuliwa juu kidogo.

Na ile "imepimwa na madaktari wa macho" isikupe moyo sana. Mara nyingi inamaanisha waliangalia kama inawasha au haiwashi, haimaanishi walipima urefu wa kope. "Asilimia 90 ya watumiaji waliona mabadiliko" nayo ni watu wameulizwa unajionaje, hakuna aliyeshika rula.

Neno "asilia" likiwa mbele ya boksi na prost ikiwa nyuma, mi hapo hapo narudisha. Mwaka 2011 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliandikia kampuni moja barua ya onyo kwa kuuza seramu yenye hicho hicho Isopropyl Cloprostenate kama kipodozi, wakasema kwa inavyofanya kazi hiyo ni dawa. Kwetu hapa Tanzania tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS na dawa zipo TMDA, lakini chupa iliyokuja kwenye begi la mtu haijapita kwa yeyote kati yao, na asilimia ya dawa iliyomo huwa haiandikwi. Unapaka karibu na jicho kitu usichojua nguvu yake.

Kwahiyo kama una mimba au unanyonyesha, au jicho linaugua, yenye prost achana nayo. Kama wewe au mama yako mnatumia matone ya presha ya macho ndo kabisa uliza daktari kwanza, maana zikikutana mbili za familia moja zinaweza kuharibu kazi ya ile dawa. Na ukienda kupimwa presha ya macho sema kwamba unapaka, usifiche ukidhani ni urembo tu.

Nyusi naongea kwa kifupi. Kama zimepungua kwa kunyolewa na wembe zitarudi zenyewe, wala huhitaji chupa. Kama ni za kung'olewa miaka na miaka na uzi au kibano, baadhi ya vishimo vimeshakufa. Zikidondoka ghafla, hasa ncha za pembeni, au zikiwa na kiraka cha mviringo, nenda hospitali wakaangalie ngozi na tezi ya shingo kabla ya kununua chochote.

Ya mdogo wangu naipa nyota tatu kama kilainishi, ataendelea nayo. Yangu naipa nyota mbili, imekuza kweli lakini boksi halikuonya chochote kuhusu ngozi, na kwa 85,000 niliyolipa hilo lilitakiwa liandikwe. Na kama saluni wanakupaka kwa brashi ile ile waliyotoka kumpakia mwenzako, kataa, macho yanaambukizana haraka sana, waambie wafungue mpya au uende na yako.