Kamba au kikapu: nilivyopima picha mbili za tangazo la kanga

Nauza kanga Kariakoo, na oda zangu nyingi huingia kwa WhatsApp. Mwezi uliopita nilitumia programu ya akili mnemba kutengeneza picha mbili za tangazo moja, nijue ipi inauza zaidi: kanga iliyotundikwa kwenye kamba barazani, au iliyokunjwa ndani ya kikapu cha ukili kama zawadi.

Picha za mwanzo nilizitupa. Nilipoiachia programu ichore kila kitu, pindo lilitoka vizuri ila jina la kanga likawa herufi zisizosomeka, na mteja wa kanga husoma jina kabla hajauliza bei. Basi nikaipiga picha kanga yenyewe, jina likionekana, programu ikatengeneza mandhari tu. Maneno ya tangazo na bei ya doti sikuvigusa. Ukibadilisha na bei, hutajua kilichouza ni bei au picha.

Matangazo nikayapitisha kwenye kipimo cha A/B cha Meta. Hapo watu hugawanywa makundi mawili, kila mtu anaona picha moja tu, na hela inagawanywa sawa. Zamani nilikuwa naweka matangazo mawili pamoja kwenye kampeni ya kawaida. Mfumo unawahi kulipendelea moja na kulimwagia hela, lile jingine halipati hata nafasi ya kujaribiwa. Safari hii niliacha siku 7 kamili, maana wateja wa mwisho wa wiki si wale wa Jumatatu.

Kila tangazo nililiwekea ujumbe wake wa kuanzia, ili simu ikilia nijue mteja katokea picha gani. Kikapu kilileta meseji 64, kamba 47. Ningeishia hapo ningechagua kikapu. Lakini kwenye daftari la mauzo, kikapu kiliuza doti 9 na kamba 17. Nikarudi kusoma meseji, nikaona tatizo: "Dada, hiyo bei na kikapu chake?" Wengi walidhani kikapu kimo. Nikiwaambia hakimo, kimya.

Hata hivyo 17 kwa 9 bado ni kidogo, inaweza kuwa bahati. Mimi hutumia hesabu nyepesi: jumla ya mauzo 26, kipeuo chake cha pili ni kama 5, mara mbili ni 10. Hicho ndicho kizingiti ambacho tofauti lazima ikivuke. Tofauti yangu ilikuwa 8, haijafika. Nikarudia siku 7 nyingine kwa picha zilezile, kamba ikauza 26 na kikapu 12. Kwa wiki zote mbili ikawa 43 kwa 21: tofauti 22, na kizingiti cha jumla ya 64 ni 16. Hapo nikaridhika, japo kwa kanga tu. Kwa vitenge nitapima upya.

Tangazo la kamba ndilo linaloendelea. Vikapu navyo nimeviagiza, vina bei yake.