Kibodi Kamili, TKL au 60%: Ipi Inafaa Kununuliwa

Kwa mtu anayenunua kibodi moja ya kazi za kila siku, mpangilio wa TKL ndio ninaouweka katika nafasi ya kwanza. Una vitufe 87 katika toleo la Kimarekani, nao ni kibodi kamili iliyoondolewa sehemu ya namba ya upande wa kulia pekee. Mishale, Home, End, Delete na safu ya F1 hadi F12 vyote vimebaki mahali pake, hivyo vidole havina jambo jipya la kujifunza. Upana hushuka kutoka takribani sentimita 44 hadi 36, na nafasi hiyo hurudi kwa kipanya, ambacho sasa hukaa karibu zaidi na bega la kulia.

Nafasi ya pili ni ya kibodi kamili yenye vitufe 104, lakini kwa mhasibu, karani wa stoo au mtu yeyote anayeingiza namba kutwa nzima, ndiyo ya kwanza bila mjadala. Anayesitasita anaweza kununua TKL pamoja na pedi ya namba ya USB inayojitegemea, ambayo ina faida ya kuweza kuwekwa upande wa kushoto.

Kibodi ya 60% ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu wengi huinunua kwa umbo lake na kuujua upungufu wake wakiwa tayari wamelipa. Ina vitufe 61, na haina mishale, safu ya F wala Delete. Vitufe hivyo hupatikana kupitia tabaka: ndani ya kibodi mna kichakataji kidogo chenye majedwali mawili au zaidi, na unaposhikilia Fn, kitufe unachobonyeza husomwa kutoka jedwali la pili. Fn na 2 hutuma F2 halisi. Kompyuta haijui kwamba Fn imeguswa. Ndiyo maana F2 hiyo hufanya kazi hata kompyuta inapowaka, kabla Windows haijaanza, na ndiyo maana pia Fn haiwezi kubadilishwa kwa mipangilio ya Windows. Mabadiliko hufanywa katika kibodi yenyewe, kwa hiyo tafuta inayotumia QMK au VIA, programu za kupanga upya vitufe vya kibodi, la sivyo utaishi na mpangilio aliouchagua mtengenezaji.

Mpangilio huo hutofautiana sana. Kwenye Vortex Pok3r mishale iko kwenye I, J, K na L, ilhali HHKB huiweka kwenye `[`, `;`, `'` na `/`.

Kipimo kizuri ni Excel. Kuchagua safu wima ya namba hadi mwisho wake huhitaji Ctrl, Shift na mshale wa chini. Kwenye kibodi yenye mishale ya I, J, K na L, na Fn iliyo chini kulia, mkono wa kushoto hushika Ctrl na Shift, huku wa kulia ukilazimika kushika Fn na K kwa pamoja. Wengi huhamishia Fn kwenye Caps Lock, na kwa mshale peke yake huo ni uamuzi mzuri. Lakini Caps Lock, Shift na Ctrl zimepangana wima pembeni kushoto, na kidole kidogo hakiwezi kuzimudu zote. Suluhisho ninalolipendelea ni kuukabidhi upau wa nafasi kazi zote mbili, ambapo ukiguswa huandika nafasi na ukishikiliwa hufungua tabaka; katika QMK huandikwa hivi:

```
LT(1, KC_SPC)
```

Hapo kidole gumba cha kushoto hushikilia upau, na K hubaki huru kwa mkono wa kulia. Kasoro yake huonekana wakati wa kuandika: neno likikosa nafasi na kielekezi cha kuandikia kikaruka, maana yake ni kwamba upau ulishikiliwa kupita muda wa kutofautisha mguso na mshikilio, ambao katika QMK kwa kawaida ni milisekunde 200. Muda huo ukiongezwa kidogo, tatizo hupungua, ingawa tabaka nalo huchelewa kidogo kufunguka.

Kitufe cha Esc nacho kina mtego. Kwenye 60% hukaa mahali pa alama ya `` ` ``, na baadhi ya kibodi hukitumia kwa zote mbili, ili Shift ikishikwa kitoe `~`. Matokeo yake ni kwamba Ctrl+Shift+Esc haifungui tena Task Manager. Ijaribu dukani: unganisha kibodi, bonyeza vitufe hivyo vitatu, kisha chagua safu wima moja ya namba bila kugusa kipanya.