Uzoefu wangu: kutoka warfarini kwenda apiksabani, dozi iliyosahaulika na kung'oa jino

Nimetumia warfarini, na sasa natumia apiksabani ya miligramu 5, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Wengi wanaouliza kuhusu vidonge hivi vipya vya kuzuia damu kuganda hutaka kujua kipi ni bora. Mimi naona swali linalofaa zaidi ni hili: dawa inakaa mwilini muda gani? Warfarini huhesabiwa kwa siku, vidonge vipya huhesabiwa kwa saa. Ukilishika hilo, mambo ya dozi iliyosahaulika na ya daktari wa meno hayatakusumbua sana.

Warfarini haigusi damu moja kwa moja. Inalizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Protini zilizokwisha kutengenezwa huendelea kuzunguka hadi zitakapoisha zenyewe, ndiyo maana dawa huchukua kama siku tano kushika vizuri, na ukiiacha huchukua siku kadhaa kuachia. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kipo kwa ajili hiyo, na kwa wengi wetu lengo ni kati ya 2 na 3. Apiksabani inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa: inaikamata protini moja ya ugandishaji, ile ya kumi, papo hapo. Saa tatu hadi nne baada ya kumeza, nguvu yake iko kileleni. Kisha nusu ya dawa huondoka kwa kila saa 12 hivi. Rivaroksabani na edoksabani huikamata protini hiyohiyo, na dabigatrani huikamata protini nyingine ya ugandishaji, thrombini, lakini mwendo wao wa saa unakaribiana, mradi figo ziwe nzima.

Raha ya vidonge vipya inajulikana. Hakuna kwenda kupima INR, wala mboga za majani hazikuvurugii kipimo. Ila si kila mtu anaweza kuhama. Mwenye vali bandia ya chuma kwenye moyo hubaki na warfarini, na pia mwenye vali ya mitrali iliyobana sana kutokana na homa ya rumatiki. Kwa wagonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Mjamzito naye hapewi vidonge hivi vipya. Na anayehama asianze kidonge kipya siku ileile anayoacha warfarini bila kupima: kwa apiksabani husubiriwa INR ishuke chini ya 2.

Sasa twende kwenye dozi iliyosahaulika. Hapa, kusema kweli, warfarini ni mpole zaidi. Ukiisahau jioni, unaimeza ukikumbuka kabla siku haijaisha. Ukikumbuka kesho yake, iache hiyo ya jana, meza ya leo peke yake, na uandike kwenye daftari lako la INR ili anayesoma kipimo ajue kwa nini kimeshuka. Dozi moja ikikosekana, kinga yako haipotei usiku huohuo.

Apiksabani haina huruma hiyo. Chukua mfano wa mtu anayemeza saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Akisahau ya asubuhi, kufikia saa 1 usiku zimepita saa 24 tangu kidonge cha mwisho, na kilichobaki mwilini ni kama robo. Akisahau na ya usiku pia, kufikia asubuhi ya pili inabaki sehemu ndogo sana, na mtu huyo anatembea kama asiyetumia dawa yoyote. Wala hakuna dalili ya kumwonya, kwa sababu damu isiyo na kinga haiumi.

Kanuni inayotumiwa sana ni ya nusu ya muda. Kwa dawa ya mara mbili kwa siku, unaweza kumeza uliyoisahau kama hazijapita saa 6. Kwa dawa ya mara moja kwa siku, kama hazijapita saa 12. Kwa hiyo yule wa saa 1 asubuhi akikumbuka saa 5 asubuhi, amechelewa saa nne: anameza, na ya usiku anaimeza saa 1 kama kawaida. Akikumbuka saa 10 jioni, amechelewa saa tisa: anaiacha, anangoja ya saa 1 usiku, na anameza kimoja tu. Karatasi ya ndani ya pakiti yako inaweza kukupa nafasi kubwa zaidi kidogo, na daktari aliyekuandikia anaweza kupendelea umeze hata ukichelewa kama hatari yako ya kiharusi ni kubwa. Muulize mapema, si siku ya kusahau. Ambalo hawatofautiani ni kutomeza viwili kwa pamoja ili kufidia. Kuna pengo moja katika kanuni hiyo: rivaroksabani ya wiki tatu za mwanzo kwa damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, miligramu 15 mara mbili kwa siku. Hapo mtu akisahau anaruhusiwa kumeza viwili pamoja ili atimize miligramu 30 za siku hiyo.

Ukimeza viwili kwa bahati mbaya, kwa dawa ya mara mbili kwa siku kwa kawaida huachwa dozi inayofuata, na unaendelea saa 24 baada ya zile mbili. Ukiona damu, usikae nyumbani kuhesabu saa. Na usahaulifu mbaya kuliko wote ni kuishiwa. Pakiti ikimalizika Ijumaa na mpya ikapatikana Jumatatu, hiyo si dozi moja, ni siku tatu bila kinga. Nunua pakiti inayofuata ukiwa bado na vidonge vya wiki nzima. Kwa wanaotumia dabigatrani, msivihamishie kwenye kikasha cha dozi za wiki, kwa sababu unyevu unaviharibu. Nao wa rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 wameze pamoja na chakula, la sivyo dawa haiingii yote mwilini.

Kwa daktari wa meno, kosa la kwanza ni kusema "natumia dawa ya damu". Anaweza kufikiri ni ya presha, au ya kuongeza damu. Taja jina na miligramu, saa uliyomeza mara ya mwisho, na sababu ya kuitumia. Mwambie kama damu iliganda ndani ya miezi mitatu iliyopita, maana kazi isiyo ya haraka huahirishwa kwanza. Mwambie kama figo au ini lina tatizo, na kama unameza pia aspirini au klopidogreli, kwa sababu dawa hizo zikikutana na yako damu hutoka zaidi. Pakiti yenyewe ndiyo karatasi bora kuliko zote: ibebe.

Anaweza kukuuliza INR. Kwa mtumiaji wa warfarini hilo ndilo swali la msingi: ipimwe ndani ya saa 24 kabla ya kazi, au ndani ya saa 72 kama vipimo vyake huwa havipandi na kushuka, na ikiwa chini ya 4 jino hung'olewa bila kuacha dawa. Kwa apiksabani INR haikuambii chochote cha maana. Inaweza kusoma kawaida kabisa wakati dawa iko kileleni. Mwambie hivyo kwa heshima, na mpe saa ya kidonge badala ya namba.

Kosa la pili linatokana na mazoea ya warfarini, nalo ni kuambiwa "acha dawa siku tatu kabla". Kwa kazi ya kawaida ya meno hilo halihitajiki, na linakuweka wazi kwa kiharusi. Kuziba jino hakuhitaji kuruka dozi. Kung'oa jino moja hadi matatu kwa njia rahisi pia hufanywa bila kuacha dawa, kisha daktari huweka sponji ya kugandisha kwenye shimo na kushona.

Kazi kubwa ndiyo yenye mpango wa saa: meno zaidi ya matatu, jino linalohitaji ufizi kupasuliwa, au kupandikiza jino. Tuseme yule mtu wetu anapasuliwa ufizi saa 3 asubuhi. Akimeza saa 1, kisu kitakutana na dawa ikipanda kuelekea kileleni. Akiiacha ya asubuhi, zitakuwa zimepita saa 14 tangu kidonge cha jana usiku, na iliyobaki ni chini ya nusu. Damu ikikauka saa 4, anatakiwa angalau saa nne kabla ya kidonge kinachofuata, yaani si kabla ya saa 8 mchana. Kwa kuwa zamu yake ni saa 1 usiku, anameza hapo, na ile ya asubuhi hairudishi. Aliye na rivaroksabani ya asubuhi haruki, anachelewesha: anaimeza saa 8 mchana na chakula, kisha kesho anarudi saa yake. Aliye na ya jioni habadilishi kitu. Dozi ya kuachwa iamuliwe na daktari wa meno pamoja na aliyekuandikia dawa, si na wewe peke yako ukiwa kwenye benchi la kusubiri.

Omba miadi ya asubuhi, mwanzoni mwa wiki, ili damu ikigoma kukauka kuwe na mtu wa kumrudia. Kabla hujatoka, uliza utapewa dawa gani ya maumivu. Parasetamoli ndiyo yako. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zikatae, kwa apiksabani na kwa warfarini vilevile. Metronidazoli, ambayo madaktari wa meno huiandika sana, hupandisha INR kwa nguvu, na jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni hufanya hivyohivyo. Kwa vidonge vipya angalia zaidi klarithromaisini na dawa za fangasi za kumeza.

Nyumbani usisukutue siku hiyo, na acha vinywaji vya moto. Mate yenye rangi ya damu ni kawaida. Damu ikijaa mdomoni, kunja shashi safi iliyoloweshwa kidogo, iweke juu ya shimo lenyewe na uing'ate kwa dakika 20 bila kuchungulia, ukiwa umekaa, si kulala. Ikiendelea baada ya hapo, nenda hospitali na pakiti yako mkononi, na ukifika taja kwanza saa uliyomeza kidonge cha mwisho.