Waleti ya sarafu nyingi: ipi ya kuchukua, na pesa hukatikia wapi unapolipa

Matangazo ya waleti za sarafu nyingi, yaani akaunti zenye kadi zinazoshika pesa za nchi mbalimbali, hupenda kuhesabu sarafu: 25, 30, zaidi ya 40. Kwa mnunuzi namba hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu wengi wetu tunatumia sarafu mbili au tatu tu. Cha kuangalia ni kinachotokea ndani ya zile sekunde chache baada ya kugusisha kadi kwenye mashine: waleti inachukua salio lipi, inabadilisha kwa kiwango gani, na inafanya nini salio la sarafu unayolipia likiwa halitoshi. Hapo ndipo tulipozipangia hizi tano.

Kinachotokea ukigusisha kadi

Tuchukue mkazi wa Birmingham aliye safarini Paris. Kwenye programu yake anaona mistari mitatu: GBP 200.00, EUR 45.00, USD 60.00. Hiyo ni mistari ya hesabu tu kwenye daftari la kampuni. Fedha zenyewe ziko benki, zimechanganywa na za wateja wengine. Akibadilisha paundi kuwa euro, daftari linapunguza mstari wa paundi, linaongeza wa euro, na linaandika makato pembeni.

Sasa analipia chumba cha hoteli, euro 80. Mashine inatuma ombi: EUR 80.00. Waleti inaangalia kwanza kama kuna salio la euro linalotosha lote. Lingekuwepo, ingekata humo bila kubadilisha chochote, na makato ya kubadilisha yangekuwa sifuri. Lakini zipo 45 tu. Kuanzia hapa bidhaa hizi zinaachana njia.

Kundi la kwanza haligusi zile 45 kabisa. Linatafuta salio jingine linaloweza kubeba muamala mzima, kwa kawaida lile lenye makato madogo ya kubadilisha, na linachukua euro zote 80 kutoka kwenye paundi. Tuseme kiwango cha kati cha soko, yaani kilicho katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni euro 1.15 kwa paundi moja: 80 gawanya kwa 1.15 ni paundi 69.57, na makato ya asilimia 0.4 yanafanya 69.84. Euro 45 zinabaki zimelala. Na kama hakuna salio hata moja linalotosha peke yake, kadi inakataliwa, ingawa jumla ya masalio yote ingetosha mara mbili. Watu wengi hudhani kadi imeharibika.

Kundi la pili, na humo zimo kadi nyingi za benki za kulipia kabla, zile unazozijaza pesa kabla ya kuzitumia, linamaliza euro 45 kwanza kisha linakwenda kwenye sarafu inayofuata kwa mpangilio uliowekwa, likimega mpaka 80 zitimie. Malipo yanapita, ila mpangilio huo mara nyingi hukuuchagua wewe, na kila kuvuka kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kuna makato yake.

Dawa ni ileile kwa makundi yote mawili: kabla ya kulipa, badilisha mwenyewe zile 35 zilizopungua. Ni paundi 30.43 pamoja na senti chache za makato, na euro 45 zinapata kazi.

Kuna mlango mwingine wa kupotezea, na huu hauko kwenye waleti. Mashine ya hoteli inatambua kadi imetoka Uingereza, inakuonyesha mistari miwili: EUR 80.00 na GBP 73.04. Ukigusa ule wa paundi, ubadilishaji unafanywa na upande wa muuzaji kwa kiwango chake, hapa kikiwa kimeongezwa asilimia 5. Waleti inapokea ombi la paundi na inakata paundi. Salio la euro halina nafasi tena, hata kama lilikuwa limejaa. Gusa siku zote sarafu ya nchi uliyopo. ATM nazo hufanya hivyo, zikiuliza kama unataka kuendelea na ubadilishaji wao au bila ubadilishaji. Chagua bila.

1. Wise, kwa anayeishi inakotolewa kadi

Kampuni hii ilianzishwa London mwaka 2011 kwa jina la TransferWise. Inashika nafasi ya kwanza kwa sababu moja: inabadilisha kwa kiwango cha kati cha soko na makato yanaandikwa kwenye mstari wake, kwa hiyo unaweza kuyakagua kwa kikokotoo cha simu. Kwa sarafu kubwa makato huwa chini ya asilimia 1. Iko kwenye lile kundi la kwanza, kwa hiyo kanuni ya kujaza salio kabla ya kulipa inaihusu moja kwa moja.

Kasoro yake kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ni kubwa: kadi hutolewa kwa wakazi wa nchi maalumu, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zikiwemo, na Kenya na Tanzania hazimo. Usikubali kufunguliwa akaunti kwa anwani ya ndugu aliye ughaibuni. Siku ukiombwa uthibitisho wa makazi, akaunti inafungwa masalio yakiwa ndani.

2. Revolut, kwa siku za kazi

Hii nayo ni ya London, ya mwaka 2015. Kwenye daraja la bure la Uingereza unabadilisha hadi paundi 1,000 kwa mwezi bila nyongeza, kisha asilimia 1 kwa kinachozidi. Tatizo ni wikendi. Soko la fedha za kigeni likifungwa Ijumaa jioni saa za New York, daraja hilo linaongeza asilimia 1 mpaka Jumapili jioni. Kile chumba cha euro 80 kikilipwa Jumamosi kutoka kwenye paundi ni 70.26 badala ya 69.57. Kwa chumba kimoja ni senti. Kwa familia iliyo likizoni, inayolipa zaidi Jumamosi na Jumapili, zinajumlishana.

Suluhisho lake ni kubadilisha Alhamisi. Ukishakuwa na salio la euro, wikendi haikuhusu, kwa sababu hakuna kinachobadilishwa tena.

3. Kadi ya benki ya kulipia kabla, kwa safari unayoijua

Kwa mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam hili ndilo chaguo la kweli. Benki kadhaa hutoa kadi yenye mifuko ya dola, euro, paundi na nyinginezo. Ina faida moja nzuri: ukijaza dola leo, kiwango kimefungwa leo, na shilingi ikishuka wiki ijayo haikugusi.

Gharama yake imejificha kwenye pengo la kununua na kuuza. Chukua mfano: benki inakuuzia dola kwa shilingi 130.50 za Kenya na inanunua kwako kwa 127.50. Unajaza dola 500 kwa shilingi 65,250. Unarudi safari na dola 200 hazijatumika, unaomba zirudishwe kuwa shilingi. Ulizinunua kwa 26,100, unalipwa 25,500. Shilingi 600 zimekwenda bila mstari wowote kuandikwa makato. Kwa hiyo jaza kidogo kidogo kulingana na matumizi, usijaze kwa makisio ya ukarimu.

Kabla ya kusaini fomu muulize mhudumu mambo matatu, na majibu yawe kwenye karatasi ya ada: mfuko ukipungua mnachukua wapi na kwa makato gani, nikilipa kwa sarafu isiyo na mfuko, tuseme lira ya Uturuki, mnapitia dola kwanza au moja kwa moja, na kadi isipotumika kuna ada ya kila mwezi? Swali la pili ndilo linalosahaulika. Kadi inayotoka shilingi kwenda dola kisha kwenda lira inakukata mara mbili, na taarifa ya akaunti itakuonyesha mstari mmoja tu.

4. PayPal, kwa kupokea, si kwa kubadilisha

PayPal inashika masalio ya sarafu 25, na shilingi si mojawapo. Mfanyakazi huru anayelipwa kwa dola na kulipia huduma kwa dola anaweza kukaa humo miaka bila kukatwa hata senti ya ubadilishaji. Shida inaanza akilipia kitu cha euro kutoka kwenye salio la dola: kiwango kinaongezwa asilimia 3 hadi 4. Kwa mizani yetu ya Paris, euro 80 kwa nyongeza ya asilimia 4 ni paundi 72.35.

Ukilipa kwa kadi iliyounganishwa na PayPal badala ya salio, ukurasa wa malipo una mahali pa kuchagua nani abadilishe. Ukiacha ilivyo, anabadilisha PayPal. Chagua ulipishwe kwa sarafu ya muuzaji, kadi yako ibadilishe yenyewe.

5. Kadi ya mtandaoni ya sarafu moja

M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2022 kwa ushirikiano wa Safaricom na Visa, si waleti ya sarafu nyingi. Ina shilingi tu, na kila malipo ya nje yanabadilishwa wakati huohuo. Tumeiweka hapa kwa sababu anayelipia huduma moja ya dola 10 kwa mwezi hana haja ya kitu kingine. Kwake yeye inaishinda namba 3.

Fedha zilizozuiwa na zinazorudishwa

Hoteli na kampuni za kukodisha magari huzuia dhamana. Euro 150 zikizuiwa, huwezi kuzitumia mpaka ziachiliwe, na mara nyingi huchukua siku kadhaa. Ukiwa na euro 160 tu, chakula cha jioni kitaanza kukatwa kwenye paundi bila wewe kuelewa kwa nini. Weka euro za dhamana juu ya zile za matumizi, au toa dhamana kwa kadi nyingine kabisa.

Duka likirudisha pesa, linarudisha kwa sarafu ya muamala. Ulilipa kutoka kwenye salio la euro, unapata euro kamili. Ulilipa kwa kubadilisha, basi kuna bidhaa zinazobadilisha tena kwa kiwango cha siku ya kurudishiwa, na unaweza kupokea pungufu ya ulichotoa bila mtu yeyote kukuibia.

Jaribio la euro tano

Ukishapata kadi, usisubiri safari. Weka euro 5 kwenye salio la euro, acha pesa za kutosha kwenye sarafu nyingine moja, kisha nunua mtandaoni kitu cha euro 7 kutoka duka linalotoza kwa euro. Fungua taarifa ya muamala. Euro 5 zikiwa bado zipo, uko kundi la kwanza. Zikiwa zimeisha na sarafu nyingine imemegwa kidogo, uko kundi la pili. Kisha gawanya euro zilizobadilishwa kwa kiasi ulichokatwa, ulinganishe na kiwango cha soko cha saa ileile. Rudi tena baada ya siku tatu, muamala ukishakamilika, uone kama tarakimu imebadilika.