Darubini ya kununua: pima duara la mwanga kabla hujatoa pesa

Tangu nilipoandika kuhusu pete za Zohali, meseji ninazopokea zinafanana. "Dada, nimenunua darubini ya milimita 70, lakini Zohali ni kama punje ya mchele yenye ukungu." Mwingine ananiuliza kama macho yake yana tatizo. Macho yenu hayana tatizo. Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilinunua dukani darubini ya lenzi, yenye lenzi ya mbele ya kipenyo cha milimita 70, iliyoandikwa kwenye boksi kwa maandishi makubwa mekundu kwamba inakuza mara 525, na nikakaa nayo mwaka mzima nikilaumu mawingu ya Tanga. Kosa lilikuwa ndani ya bomba, mahali ambapo mnunuzi hachungulii.

Mwongozo huu hautagusa tripodi, begi wala kile kishikizo cha simu. Hayo mtayasoma kwingine. Nataka tuangalie kitu kimoja: mwanga unaingilia tundu la upana gani hasa.

Mwanga ukipita kwenye tundu la duara, haubaki na kingo safi, unatanuka kidogo. Kwa hiyo nyota, hata lenzi ikiwa haina dosari yoyote, haionekani kama nukta. Inaonekana kama kiduara kidogo king'avu kilichozungukwa na pete hafifu. Mwanaastronomia George Airy alikikokotoa kiduara hicho mwaka 1835, na mwaka 1879 mwanafizikia Lord Rayleigh akatoa kipimo tunachotumia hadi leo: nyota mbili hutenganishika pale kitovu cha moja kinapoangukia kwenye pete ya kwanza ya giza ya nyingine. Kanuni yake ni θ = 1.22 λ/D, ambapo θ ni pembe kati ya nyota hizo kwa radiani, λ ni urefu wa wimbi la mwanga na D ni kipenyo cha tundu. Kwa mwanga wa kijani, ambao jicho linauona vizuri kuliko yote, inarahisika hivi: gawa 138 kwa kipenyo cha tundu kwa milimita, utapata jibu kwa sekunde za tao. Sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600.

Anza na jicho lako. Mchana mboni ina upana wa milimita 2 hadi 3. Ukichukua 2.5, unapata sekunde 55, yaani karibu dakika moja ya tao, na kweli huo ndio uwezo wa mtu mwenye macho mazuri. Usiku mboni hufika hata milimita 7, na kwa hesabu tupu jicho lingepaswa kuona kwa ukali mara tatu zaidi. Haliwi hivyo, kwa sababu kingo za lenzi ya jicho hazipeleki mwanga sawasawa na katikati, zikatia ukungu. Shikeni hilo la kingo, nitalirudia. Mshtarii hata ikiwa karibu nasi kabisa haizidi sana sekunde 50, ndiyo maana kwa macho matupu inabaki nukta.

Sasa darubini yangu. Milimita 70 zinatoa sekunde 2. Kuna nyota pacha inaitwa Porrima, katika kundi la Mashuke. Mwishoni mwa Mei, saa tatu usiku, inapita karibu na utosi kwetu huku pwani. Ni nyota mbili zenye mng'ao unaokaribiana sana, na siku hizi zimeachana kwa sekunde 3 na kitu. Darubini ya sekunde 2 inapaswa kuzitenganisha bila shida, na giza kati yake. Mimi niliona kitu kimoja kirefu kama yai, usiku baada ya usiku.

Hapo ndipo nilipofanya jaribio ninalowaomba wote mlifanye, dukani kama muuzaji atakubali, nyumbani siku hiyohiyo kama hatakubali. Elekeza darubini kwenye kitu cha mbali, mnara wa simu au minazi ya ng'ambo, urekebishe hadi kionekane vizuri. Usiguse tena kirekebishio. Ingia chumba chenye giza, weka ile lenzi ya jicho, yaani lenzi ndogo unayochungulia, yenye namba kubwa (yangu ni 25), na umulike kwa tochi ya simu kutoka shubiri moja nyuma yake. Mwanga utatokea mbele. Bandika karatasi nyeupe nyembamba karibu kabisa na lenzi ya mbele, kisha pima duara la mwanga kwa rula. Duara hilo ndilo tundu halisi la darubini yako. Lenzi yangu ilikuwa na milimita 70 kamili, lakini duara lilikuwa na 40.

Gawa 138 kwa 40. Unapata sekunde 3.45, na Porrima yangu imeshakuwa yai. Mwanga nao umepungua, kwa sababu eneo la duara la 40 ni kama theluthi moja tu ya eneo la duara la 70. Nililipia lenzi nzima, nikatumia theluthi.

Nilifungua skrubu tatu za mbele. Sentimita 10 nyuma ya lenzi kulikuwa na pete nyeusi ya plastiki yenye tundu la milimita 34. Lakini msiharakishe kumlaumu kila mtengenezaji mwenye pete. Darubini nzuri pia huwa na pete za kuzuia mwanga unaorukaruka ndani ya bomba. Tofauti iko kwenye upana. Mwanga ukitoka kwenye lenzi unaenda ukisinyaa kama pia ya kuchezea hadi kwenye foko, pale unapokutana. Foko ya darubini yangu iko milimita 700 nyuma ya lenzi, kwa hiyo milimita 100 nyuma ya lenzi mwanga huo bado una upana wa milimita 60. Pete ya 60 au zaidi mahali hapo ni halali. Pete ya 34 inakata. Ingekuwa katikati ya bomba, ambako mwanga umeshasinyaa hadi 35, ningeisamehe kwa kukata kidogo sana.

Niliitoa. Nyota ziling'aa zaidi, kisha Mwezi ukavaa ukingo wa zambarau na kila kitu kikalegea. Ndipo nilipoelewa kwa nini iliwekwa. Kingo za lenzi ile zimesagwa vibaya, na rangi hazikutani mahali pamoja. Badala ya kusaga lenzi vizuri, wameziba kingo. Galileo naye aliziba kingo za lenzi zake, kwa sababu hiyohiyo, lakini yeye alikuwa anasaga kwa mkono miaka ya 1610. Kwa hiyo msitoe pete mkidhani mmepona. Lenzi ya namna hiyo ni ya milimita 40 na itabaki hivyo.

Na ile "mara 525"? Kwa tundu la milimita 70, ukikuza mara 525, mwanga unaotoka kuingia jichoni mwako una upana wa milimita 0.13. Ni sawa na kutazama kupitia tundu la sindano nyembamba. Gawa 138 kwa 0.13: zaidi ya sekunde 1,000, yaani dakika 17 za tao, zaidi ya nusu ya upana wa Mwezi mpevu. Vitu viwili vilivyokaribiana kuliko hapo ndani ya lenzi ya jicho vinakuwa kimoja. Kikomo cha maana ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita: mara 140 kwa darubini ya 70 iliyo kamili, mara 80 kwa yangu. Inaniuma kwamba namba pekee iliyoandikwa kwa wino mwekundu ndiyo isiyo na maana, na ile yenye maana hawaiandiki popote.

Haya, za kununua. Ya kwanza kwangu, na sifichi upendeleo wangu, ni Sky-Watcher Heritage 130P. Ni darubini ya kioo, yaani inakusanya mwanga kwa kioo kinachourudisha badala ya lenzi, ya kuweka mezani, kipenyo milimita 130, foko 650. Kikomo chake ni sekunde 1.06. Kioo hakitawanyi rangi, kwa hiyo mtengenezaji hana zambarau ya kuficha kwa pete, na kioo hiki kimesagwa kwa umbo la parabola ili kingo zake zipeleke mwanga palepale na katikati. Mulika tochi, utaona duara zima lenye kivuli katikati. Kivuli ni cha kioo kidogo cha pili. Kinapunguza kidogo tofauti ya giza na mwanga, lakini hakiharibu uwezo wa kutenganisha nyota. Kwenye ile ya rafiki yangu, kwa kukuza mara 130, Porrima ilikuwa nyota mbili zilizotengana wazi. Kasoro zake: bomba liko wazi, taa za barabarani zinaingia, hivyo zungushia karatasi nyeusi, na vioo lazima uvilinganishe vielekeane sawasawa mara kwa mara.

Ya pili, darubini ya lenzi ya milimita 90 yenye foko 900. Sekunde 1.53. Foko ndefu inatuliza zambarau, na haihitaji kulinganishwa. Ipime kwa tochi hata kama jina lake ni kubwa.

Ya tatu, Dobsonian ya milimita 200, yaani darubini kubwa ya kioo inayozunguka juu ya sanduku lililowekwa chini. Najua wengine wataiweka juu. Kwa hesabu ni sekunde 0.69, lakini hewa juu ya vichwa vyetu kwa kawaida inatikisa nyota kwa sekunde moja au mbili, na siku ambazo utaiona ile 0.69 ni chache. Inakusanya mwanga mwingi, hilo sipingi, na mwenye kiu ya makundi ya nyota hafifu aichukue. Ila gharama ya kuisafirisha hadi huku inakaribia kununua darubini ya pili.

Darubini za macho mawili za 10×50 ni nzuri, lakini zinakuza mara 10 tu, hivyo jicho lako ndilo linaloweka kikomo, kwenye sekunde 6 hivi. Zohali hapo ni yai dogo. Zipime pia: zielekeze kwenye anga la mchana, mbali na jua, na uangalie duara la mwanga kwenye lenzi ya jicho. Liwe na milimita 5.

Zilizo chini ya laki mbili sina moja ya kupendekeza.

Nilirudi dukani na ile karatasi yenye duara la milimita 40. Muuzaji alipima lenzi kwa rula, akaniambia, "Mama, si sabini hii?" Nikamwomba tuzime taa tumulike. Alikataa, akasema boksi likishafunguliwa halirudi. Siku hizi tochi inakuja na mimi, na kama boksi halifunguliwi mbele yangu, sinunui.