Google Analytics kwa kupima video ya onyesho: uzoefu wangu

Tunauza mfumo wa stoku kwa maduka ya dawa. Ukurasa wetu wa mauzo una video ya dakika mbili inayoonyesha jinsi ya kuingiza dawa, kuuza, na kuona zipi zinakaribia kuisha muda. Nilitaka kujua kama inaleta wateja. Nikachagua Google Analytics 4 kwa sababu ni bure na video ilikuwa tayari YouTube.

Ukiwasha mpangilio wake wa Enhanced measurement, inarekodi `video_start` mtu akianza kutazama, `video_progress` akifika asilimia 10, 25, 50 na 75, na `video_complete` akimaliza. Ila lazima anwani ya video iwe hivi:

```
https://www.youtube.com/embed/VIDEO_ID?enablejsapi=1
```

Bila mkia huo wa `?enablejsapi=1` ripoti inaweza kubaki tupu, ukadhani hakuna anayetazama. Halafu hesabu watu, usihesabu matukio, maana mtu mmoja anaweza kuanzisha video mara kadhaa. Na usiiache ijicheze yenyewe: kila anayefungua ukurasa atahesabiwa mtazamaji.

Sasa hesabu, nimezungusha tarakimu. Katika wageni 1,000, waliobofya video walikuwa 200, yaani asilimia 20. Kati yao 16 walijaza fomu ya kuomba majaribio, asilimia 8. Kwa wale 800 wasiobofya, waliojaza pia ni 16, asilimia 2. Ukisoma haraka utasema video inazidisha wateja mara nne.

Tukaipandisha juu kabisa ya ukurasa na kubadilisha picha yake ya mbele: badala ya nembo, tukaweka skrini ya mauzo yenyewe. Waliobofya wakafika 400. Lakini fomu zikawa 33 tu, kutoka 32! Wengi wa wale 200 wa mwanzo walikuwa wamekuja na nia tayari. Video haikuwapa nia hiyo. Tulioongeza ni wapita njia, na `video_progress` ilionyesha wengi wao hawafiki asilimia 25, pale ambapo kwetu salamu na nembo ndiyo kwanza zinaisha.

Kujua mchango halisi wa video inabidi uwagawe wageni kwa bahati nasibu: nusu waone video, nusu picha tupu. Analytics haifanyi hivyo, na Google Optimize iliyokuwa ikifanya ilifungwa Septemba 2023. Tulitengeneza kurasa mbili na kuligawa tangazo linalotuletea wageni nusu kwa nusu. Ukurasa wenye video ulishinda, ila kwa tofauti ndogo mno ukilinganisha na ile mara nne.

Kwa video ya YouTube naipendekeza Analytics bila kusita. Kama video yako iko kwenye seva yako mwenyewe, matukio haya hayatajirekodi. Utahitaji fundi ayaandikie msimbo.